Lebo 300 kwa Mapishi 120

Msomaji amemaliza kusoma namna ya kupika mkate wa mayai kwenye tovuti ya mapishi. Chini ya makala anaona maneno madogo yamepangwa mstari mmoja: mayai, yai, mkate, chai ya jioni, rahisi, mapishi. Anabofya "yai" akitarajia kupata mapishi mengine ya mayai. Unafunguka ukurasa wenye kichwa kikubwa, "Yai", na chini yake kuna kitu kimoja tu: ule ule mkate wa mayai aliotoka kuusoma. Anarudi, anabofya "chai ya jioni". Mkate wa mayai tena. Hapo wengi huondoka zao.

Mwenye tovuti hakukusudia kumzungusha mtu. Aliandika maneno yaliyomjia kichwani, akabonyeza kitufe cha kuchapisha, akaendelea na shughuli zake. Asichokijua wengi ni kwamba katika WordPress kila neno unaloandika kwenye kisanduku cha lebo, au tagi kama wengine wanavyosema, hujengewa ukurasa wake wenye anwani yake. Ukiandika "yai" umeshazaa ukurasa `/tag/yai/`. Na tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020, WordPress yenyewe huziorodhesha kurasa hizo kwenye ramani ya tovuti, faili la `wp-sitemap.xml`, na kuziarifu injini za utafutaji kwamba zipo. Kwa hiyo Google nayo hualikwa kuja kuutazama ukurasa wa "Yai".

Kategoria hazina tabia hii mbaya, na sababu ni ya ulinzi tu. Mtu mwenye cheo cha `Author` kwenye WordPress hawezi kuunda kategoria mpya. Hiyo ni kazi ya `Editor` au msimamizi. Lebo hazina bawabu. Mwandishi yeyote anaandika neno, anaweka mkato, na lebo imezaliwa. Tovuti yenye waandishi wanne ndani ya miaka mitatu huwa na kategoria zile zile ilizoanza nazo, na lebo mamia kwa mamia.

Tuchukue mfano wa tovuti ya mapishi yenye makala 120, kila moja imepewa lebo sita. Jumla lebo zimebandikwa mara 720. Tuseme majina tofauti ni 300: 190 yametumika mara moja moja, 60 mara mbili mbili, na 50 yaliyobaki yamegawana zinazosalia, huku lebo ya "mapishi" peke yake ikiwa imebandikwa kwenye makala 95. Ukijumlisha na kategoria 14, tovuti hii ina kurasa 314 za orodha kwa makala 120. Orodha ni nyingi kuliko vitu vinavyoorodheshwa, zaidi ya mara mbili na nusu. Na orodha 190 kati ya hizo zina kitu kimoja kimoja.

Wapo wanaodhani Google itawaadhibu kwa kurudia maudhui. Kurudia kwa namna hii hakuleti adhabu. Kinachotokea ni kwamba injini inapokuta kurasa kadhaa zinazofanana huchagua mmoja wa kuuonyesha na kuziacha nyingine, na si lazima ichague ule unaoutaka wewe. Hasara nyingine ni ya msomaji, na kwangu mimi hiyo ndiyo kubwa: anajifunza kwamba viungo vyako havimpeleki popote, na baada ya mara mbili tatu haviguswi tena hata vile vizuri.

Ushauri mwingi kuhusu lebo umeandikwa kwa watu wa Kiingereza, na kuna jambo moja haukutufikiria. Katika lugha yao umoja na wingi hutofautiana mwishoni mwa neno, kwa hiyo ukipanga lebo kwa alfabeti, pacha hao hukaa jirani na jicho huwaona mara moja. Sisi hubadilisha mwanzo. "Kitunguu" iko kwenye K, "vitunguu" iko kwenye V, na kati yao kuna lebo mia na ushee. "Yai" na "mayai" hazionani, "muhogo" na "mihogo" vivyo hivyo. Unaweza kuipitia orodha nzima kwa makini, ukamaliza ukiwa na hakika kwamba hakuna kilichojirudia.

Dawa yake ni kutafuta kwa mzizi. Kwenye WordPress nenda `Posts`, kisha `Tags`, na kwenye kisanduku cha kutafutia andika "tunguu" badala ya neno zima. Utafutaji ule huangalia herufi popote zilipo ndani ya jina, kwa hiyo vitakuja "kitunguu", "vitunguu", "vitunguu maji" na "kitunguu saumu" kwa pamoja. Andika "hogo" upate muhogo, mihogo na "mhogo" ya yule mwandishi anayekula herufi. Kwenye kisanduku cha lebo unapoandika makala mambo ni yale yale: ukianza na mzizi, mapendekezo yatakuonyesha jina lililokwisha kuwepo, lakini ukianza na "vi" hutaoneshwa "kitunguu" ng'o.

Ukishawaona pacha, mmoja lazima abaki. Kwa viungo vya chakula, kipimo changu ni kuliweka jina ndani ya kichwa "Mapishi ya ..." na kusikiliza. Mapishi ya mayai, mapishi ya mihogo, mapishi ya kuku: yote yanakaa. Mapishi ya yai yanaleta picha ya yai moja kwenye sahani. "Mapishi ya rahisi" hayasemeki, na hilo linakuonyesha kwamba "rahisi" si jina la ukurasa wowote. Ni sifa, na kila mwandishi wa mapishi huamini mapishi yake ni rahisi. Kama unachotaka kusema ni kwamba chakula kinaiva upesi, lebo iwe "chini ya nusu saa", maana hilo linapimika na watu wawili hawatabishana.

Kisa cha lebo ya "nazi" kinafaa kusimuliwa hapa. Katika Kiswahili haina kosa lolote, lakini anwani yake ni `/tag/nazi/`, na mtu wa Ulaya anayeiona anwani hiyo imebandikwa mahali hatafikiria samaki wa kupaka; atafikiria chama cha Hitler. Lebo ya "tui la nazi" inaondoa balaa hiyo na tena ni sahihi zaidi, kwa kuwa kinachokusanywa pale ni vyakula vilivyopikwa kwa tui. Kashata haimo.

Halafu kuna majina mawili yaliyo sawa kwa hadhi. Mtanzania anaandika maharage, Mkenya anaandika maharagwe, na hakuna wa kumrekebisha mwenzake. Wakutubi waliukuta mkwamo wa namna hii zamani: Charles Cutter, mkutubi wa Boston, katika kanuni zake za katalogi za mwaka 1876, aliagiza kwamba penye majina mawili ya kitu kimoja uchague moja, uweke kila kitu chini yake, na kwenye jina la pili uandike tu rejeo la kumpeleka msomaji kwenye lile la kwanza. Kwenye tovuti rejeo hilo huandikwa kwa mstari mmoja katika faili la `.htaccess`, juu ya sehemu inayoanza na `# BEGIN WordPress`, ikiwa seva yako ni ya Apache:

```
Redirect 301 /tag/maharagwe/ /tag/maharage/
```

Anayekuja kwa anwani ya zamani anapelekwa kwenye mpya bila kujua. Neno "maharagwe" lenyewe utalitaja kwenye maelezo mafupi juu ya ukurasa, ili Mkenya aliyetafuta kwa jina lake ajue amefika.

Kabla ya kuunganisha chochote, afadhali kwanza uamue kurasa gani zinastahili kuwepo. Watu wengi hufanya kinyume: huanza na maneno, kisha hushangaa kurasa walizozizaa. Kwa tovuti yetu ya mfano, mwenye nyumba anaweza kukata kategoria 14 zikabaki sita: Vitafunio vya chai, Wali na pilau, Samaki na dagaa, Nyama na kuku, Mboga na maharage, Vinywaji na vitamu. Kila makala inaingia kwenye kategoria moja, basi. Makala 120 kwa kategoria sita ni wastani wa 20, na kwa kuwa WordPress isipoambiwa vinginevyo huonyesha makala kumi kwa ukurasa, kila kategoria ina kurasa mbili hivi. Mtu anazimaliza bila kuchoka.

Biriani ya kuku iende wapi? Hapa ndipo watu hubandika kategoria mbili "kwa usalama", na baada ya mwaka kategoria mbili zina nusu ya makala zinazofanana. Sikiliza msomaji anaitaje: anasema biriani, hasemi kuku wa biriani. Iende Wali na pilau. Kuku wake atashughulikiwa na lebo.

Na hiyo ndiyo kazi ambayo lebo inaiweza na kategoria haiwezi: kukata katikati ya mafungu. Lebo ya "kuku" inaokota biriani ya kuku kutoka kwenye wali, kuku wa kupaka kutoka kwenye nyama, sambusa za kuku kutoka kwenye vitafunio. Ukurasa wake hauwezi kufanana na wa kategoria yoyote. Sasa linganisha na lebo ya "samaki". Kwenye tovuti hii karibu kila makala yenye lebo hiyo imo tayari ndani ya Samaki na dagaa. Ukifungua kurasa hizo mbili kwa pamoja utaona picha zile zile kwa mpangilio ule ule, moja imeitwa kategoria na nyingine lebo. Lebo ya "samaki" inakufa. Lebo ambayo makala zake hazitoki katika angalau kategoria mbili huwa ni kategoria iliyojirudia, au fungu dogo ndani ya kategoria ambalo, likikua, lingewekwa kama kategoria ndogo chini ya mama yake.

Lebo pana mno zina ugonjwa uleule kwa upande wa pili. "Mapishi", iliyomo kwenye makala 95 kati ya 120, ni ukurasa wa mwanzo wa tovuti uliovaa jina jingine. Vilevile "chakula", "Afrika Mashariki", "nyumbani". Kwenye tovuti yenye mwandishi mmoja, hata ukurasa wa orodha ya kazi za mwandishi ni nakala ya ukurasa wa mwanzo.

Palipo pagumu ni pale orodha mbili zinapofanana kwa sehemu. Tovuti yetu ina lebo ya "Ramadhani" yenye makala 20, "futari" yenye 15, na "iftari" yenye nne. Ukizilaza sambamba unagundua kwamba makala zote 15 za futari zimo ndani ya Ramadhani. Kati ya nne za iftari, mbili zina lebo ya futari pia na mbili hazina. Na makala tatu za Ramadhani zilizobaki ni za daku. Mtu mwenye haraka atazimwaga zote kwenye "Ramadhani", kwa kuwa ndiyo kubwa. Mimi nisingefanya hivyo. Anayetafuta futari saa kumi alasiri anataka mihogo ya nazi, tambi, viazi vitamu, uji wa pilipili manga. Anayefikiria daku anataka kitu cha kumshikilia tumboni mpaka magharibi. Ni mahitaji mawili yasiyofanana, na orodha iliyowachanganya inawapotezea muda wote wawili.

Kwa hiyo "iftari" inaunganishwa na "futari", ambayo sasa ina makala 17. Daku ina tatu tu, na mimi siifungulii lebo kitu ambacho hakijafika makala tano. Huo ni uamuzi wangu tu, wengine husema tatu. Basi "Ramadhani" inaacha kuwa lebo na kuwa ukurasa ulioandikwa kwa mkono, wenye aya chache, kiungo kimoja kwenda lebo ya futari, na yale mapishi matatu ya daku yametajwa kwa majina. Anwani ya zamani ya lebo inaelekezwa kwenye ukurasa huo. Siku makala za daku zitakapofika tano, lebo itazaliwa na kiungo kitabadilishwa.

Sasa kusafisha kwenyewe. Chukua kwanza nakala ya hifadhidata, kwa sababu lebo iliyofutwa hairudi na huwezi kukumbuka ilikuwa kwenye makala zipi. Kisha kwenye ukurasa wa `Tags` bofya kichwa cha safu ya `Count` ili lebo zipangwe kuanzia zenye makala chache. Mwenye kuizoea terminali atapata orodha hiyo hiyo kwa:

```
wp term list post_tag --fields=name,slug,count --orderby=count --order=asc
```

WordPress haina kitufe cha kuunganisha lebo mbili. Ama unatumia plagini ya kazi hiyo, ama unachuja makala kwa lebo ya zamani, unaziweka alama zote, unaziongezea lebo mpya kwa uhariri wa pamoja, halafu ndipo unafuta ya zamani. Mpangilio huo usiugeuze. Ukifuta kwanza, makala zinabaki bila lebo ya zamani wala mpya na hujui zilikuwa zipi.

Wengi huanguka kwenye anwani. Ukibadilisha anwani ya makala, WordPress hukumbuka ile ya zamani na kumpeleka msomaji panapostahili. Kwa lebo haifanyi hivyo. Ukibadilisha `yai` kuwa `mayai`, au ukiifuta, `/tag/yai/` inakuwa kosa la 404 tangu dakika hiyo. Lebo iliyounganishwa iandikie mstari wa kuelekeza kama ule wa maharagwe. Kwa zile 190 za makala moja moja usijisumbue na zote: angalia kwenye `Search Console` ni zipi zilizopata wageni, uzielekeze kwenye makala yenyewe, nyingine ziache zife. Kuna wanaozielekeza zote kwenye ukurasa wa mwanzo wakidhani wanaokoa kitu. Google huliona hilo na kulihesabu kama 404 tu, na msomaji aliyetafuta vitumbua anajikuta mlangoni bila kujua kwa nini.

Plagini za `Yoast SEO` na `Rank Math` zina swichi ya kuziwekea kurasa zote za lebo alama ya `noindex`, yaani kuziambia injini zisizionyeshe kwenye matokeo. Ni njia ya mkato, na kwa mwenye lebo 300 asiye na muda inasaidia. Lakini inamficha Google tu. Msomaji aliye ndani ya tovuti bado atabofya "yai" na kukuta mkate wa mayai. Pia usiichanganye na kuzifungia kurasa hizo kwenye `robots.txt`. Injini iliyozuiwa kufungua ukurasa haiwezi kuisoma alama iliyoandikwa ndani ya ukurasa huo, na anwani inaweza kuendelea kuonekana kwenye matokeo ikiwa tupu.

Mwishoni tovuti yetu inabaki na lebo 24. Kila makala ina mbili kwa wastani, kwa hiyo kila lebo ina makala kumi hivi, yaani ukurasa mmoja uliojaa. Kurasa za orodha zimeshuka kutoka 314 hadi 30. Sasa inawezekana kufanya kitu ambacho kwa lebo 300 kisingewezekana: kuandika maneno machache juu ya kila moja, kwenye kisanduku cha `Description`. Kwa "tui la nazi" usiandike "Hapa utapata mapishi mbalimbali ya tui la nazi". Hilo kichwa kimeshalisema. Andika kwamba tui jepesi hutangulia kupikia na tui zito huingia mwishoni ili lisikatike, na kwamba asiyewahi kulitumia aanze na mchicha wa nazi kabla ya kujaribu kuku wa kupaka. Hapo ukurasa una kitu ambacho hakimo kwenye makala yoyote kati ya zile kumi. Angalia tu kama mandhari unayotumia huonyesha maelezo hayo, maana baadhi huyaficha, na kama orodha inatoa muhtasari au makala nzima nzima. Ikitoa makala nzima, kazi yote hii haijafika popote mpaka uibadilishe.

Matokeo usiyatazamie wiki hiyo hiyo. Andika kwenye Google `site:example.com inurl:/tag/` ukiweka jina la tovuti yako, na uone lebo zipi bado zinaonekana. Hesabu yake si kamili lakini mwelekeo utauona. Kwenye ripoti ya kurasa ya `Search Console`, zile zilizokuwa zimelundikana chini ya `Crawled - currently not indexed` zitapungua polepole kadiri injini inavyorudi kuzipitia, na kwa tovuti ndogo hilo huchukua wiki kadhaa, pengine miezi.

Mwenye makala 15 hana haja ya lebo hata moja. Kategoria tatu zinamtosha, na kisanduku kile akiache kitupu mpaka wasomaji waanze kumuuliza kitu ambacho kategoria zake hazijibu.